Anazijua nchi zote nane, lakini amesiliba Kenya

"Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko darasa la saba. Karatasi ya moko ya Maarifa ya Jamii imerudi, maswali 40 kwa saa moja na nusu, amekosa 9. Nilipokaa naye nikaona 5 kati ya hayo ni yale ya 'isipokuwa' na 'ipi siyo'. Moja lilitaka nchi isiyopakana na Tanzania, yeye kasiliba Kenya! Nikimuuliza nyumbani anazitaja nchi zote nane bila kukwama. Baba yake anasema ni uzembe. Mwalimu wake anasema asome swali mara mbili, na hilo tunamwambia tangu darasa la tano. Nifanye nini kabla ya Septemba?"

Marahaba, mama. Kabla hujamrudia mtoto, irudie karatasi. Angalia katika yale maswali 5 amesiliba herufi zipi. Kama ninavyodhani, utakuta A zimejaa, na labda B moja. Kenya yenyewe ilikuwa herufi A, sivyo?

Hapo ndipo tatizo linapojionyesha. Swali la "isipokuwa" lenye machaguo matano huwa na manne ya kweli na moja tu lisilo la kweli. Mtoto ambaye ile "isipokuwa" imemponyoka njiani anaanza kutafuta jambo la kweli, na analikuta pale pale mlangoni. Kenya inapakana na Tanzania? Inapakana. Anasiliba, anaendelea na swali linalofuata huku roho imetulia. Atafika B pale tu ambapo A yenyewe ndiyo iliyokuwa jibu. Mtoto asiyejua somo hakosei hivyo. Makosa yake hutawanyika, na mara nyingi huangukia kwenye chaguo linalofanana na jibu. Kama swali lilikuwa na Kenya, Uganda, Zimbabwe, Zambia na Msumbiji, jibu likiwa Zimbabwe, basi angesiliba Zambia ningekwambia mrudishe kwenye ramani, kwa sababu majina hayo mawili huwachanganya wengi. Yeye amesiliba Kenya. Mtoto wa Tanzania aliyefika darasa la saba hawezi kudhani kwamba Kenya haipakani nasi.

Kwa hiyo somo analijua. Na uzembe nao siukubali moja kwa moja. Mzembe huzembea kila mahali: huruka namba, husahau kuandika jina, husiliba herufi mbili kwa swali moja. Wa kwako kosa lake lina anwani. Maswali ya aina hii huwa machache kwenye karatasi, na bado yamebeba zaidi ya nusu ya alama alizopoteza.

Sasa tuone linakotokea. Ukimtuma mtoto dukani ukamwambia, "Niletee sabuni, lakini si ya unga," mara ngapi amerudi na ya unga? Hakukaidi. Ili aelewe maneno "si ya unga," ilibidi kwanza aione sabuni ya unga akilini, kisha aipige msalaba. Hizo ni kazi mbili. Ile picha ina rangi na ina umbo, nayo hukaa. Msalaba hauna umbo. Njiani akikutana na wenzake, au akikimbia kwa sababu mvua imeanza, kinachodondoka ni msalaba, na picha inabaki mkononi.

Wanasaikolojia wameliona jambo hili kwa kupima muda. Mwingereza Peter Wason alianza kulifuatilia mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1972 Herbert Clark na William Chase walichapisha kazi yao ya nyota na alama ya kujumlisha. Mtu anaoneshwa sentensi kama "nyota iko juu ya alama ya kujumlisha" pamoja na picha, kisha aseme kama vinakubaliana. Sentensi inapobadilishwa kuwa "nyota haiko juu", watu wazima wenye akili timamu, tena wasomi, huchukua muda mrefu zaidi kujibu. Ukanushaji una gharama yake hata kwa anayesoma vizuri kabisa. Mtu aliyetulia anailipa gharama hiyo bila kujua. Mwenye haraka, jasho kwenye viganja na msimamizi anayetangaza kwamba zimebaki dakika 15, anakosa cha kulipia. Akili yenye wasiwasi inatumia sehemu ya nafasi yake kuushughulikia wasiwasi wenyewe, na kitu cha kwanza kuachiliwa ni kile kilichoshikwa kwa ncha za vidole.

Halafu kuna neno ambalo sisi walimu tunalitundika juu ya kila karatasi: "Chagua jibu sahihi." Tangu darasa la tatu mtoto amelisoma mamia ya mara, na katika maswali mengi jibu sahihi huwa jambo la kweli. Amejijengea njia ya mkato kichwani: sahihi maana yake kweli. Kwenye swali la "isipokuwa" mambo yanageuka, jibu sahihi ni lile lisilo la kweli. Mtoto anapaswa kukiona kitu kisicho kweli, akiite sahihi, kisha akisilibe. Mkono wake mwenyewe unagoma. Wapo wanaosoma swali vizuri kabisa, wakaanza kupitia machaguo, na kufika la tatu wamekwisha kurudia mazoea. Hawa ukiwaambia wasome swali mara mbili hujawasaidia, kwa sababu hawakukosea kwenye kusoma. Walikosea kwenye kubeba.

Kiswahili nacho kina mtego wake. "Isipokuwa" ni neno refu na linaonekana. Ubaya wake ni mahali linapokaa: mwisho kabisa wa swali, kabla ya nukta mbili. "Zifuatazo ni nchi zinazopakana na Tanzania isipokuwa:" Mpaka mtoto anafika hapo, ameshaelewa kwamba anaulizwa majirani wa Tanzania, na jicho limesharuka kwenda kwenye A. Hapa kosa ni la kuondoka mapema. Lakini swali hilo hilo laweza kuandikwa, "Ni nchi ipi isiyopakana na Tanzania?" Sasa ukanushaji umejificha tumboni mwa kitenzi. Linganisha inayopakana na isiyopakana. Mwanzo ni uleule, mwisho ni uleule, tofauti yote imebebwa na silabi moja katikati. Vivyo hivyo anayenyonyesha na asiyenyonyesha, yanayoambukizwa na yasiyoambukizwa. Msomaji mwenye haraka hasomi kila silabi ya neno refu. Anashika kichwa na mkia, katikati anajaza mwenyewe, na anachojaza ni kile anachokizoea, ambacho ni "-na-".

Niungame hapa. Miaka ya nyuma nilitunga swali la Sayansi: "Ni mnyama yupi kati ya hawa asiyenyonyesha?" Machaguo yalikuwa popo, nyangumi, mamba, ngamia na sungura. Niliwawekea popo kwa makusudi, nikidhani nawapima kama wanajua kwamba popo hunyonyesha ingawa huruka. Darasa likaanguka, wengi wamesiliba popo, nami nikawasuta kipindi kizima kuhusu popo. Baadaye msichana mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, si popo ananyonyesha? Mbona umetukosesha?" Walikuwa wanajua. Walisoma "anayenyonyesha", na wakaona fahari kwamba wameukwepa mtego wa popo. Toka siku hiyo, kama sina budi kutumia ukanushaji kwenye swali, nauandika kwa neno lake lenyewe na kulipigia mstari. Wataalamu wa utungaji mitihani wamekuwa wakishauri hivyo kwa miongo kadhaa: epuka ukanushaji, na ukishindwa uonyeshe waziwazi. Lakini mwanao hachagui mtungaji.

Ushauri mmoja unaotolewa sana ni kumfundisha mtoto azungushie kila "si" anayoiona. Siupingi, ila peke yake hautoshi, na una vichekesho vyake. Nimeona karatasi ambazo mtoto amezungushia "si" ya siasa, ya kisima na ya asili, akaiacha ile ya yasiyofaa. Tena ukanushaji wetu una sura nyingi: haifai, hakuwa, kutokula, bila, kasoro, ila. Ukianza kuwinda herufi utachoka mapema.

Tabia ninayokupendekezea haimtaki mtoto abebe ukanushaji kichwani hata kidogo. Inamwondolea mzigo. Kwanza, akifika kwenye swali, machaguo yafunikwe kwa rula au kiganja. Hii inatibu lile kosa la kuondoka mapema, kwani jicho halina pa kurukia. Alisome swali hadi nukta ya mwisho, na kitenzi chake akisome silabi kwa silabi, midomo ikitikisika kama ni lazima. Akikuta neno la kukanusha, alizungushie duara kwa penseli.

Pili, na hapa ndipo penye kazi, afunue machaguo na kulihukumu kila moja peke yake, bila kujiuliza kama ndilo jibu. Anajiuliza tu: jambo hili ni kweli au si kweli? Kenya inapakana na Tanzania? Ndiyo, aweke vema pembeni ya A. Uganda? Vema. Zimbabwe? Hapana, aweke kosa. Zambia? Vema. Msumbiji? Vema. Alama hizi ziwekwe kwenye karatasi ya maswali, kwa wepesi. Fomu ya majibu isiguswe na alama yoyote ya ziada, kwa sababu mashine inayoisoma haijui kipi kilikuwa cha kujikumbusha. Kama shuleni kwao hawaruhusiwi kuandika kwenye karatasi ya maswali, vidole vitano vya mkono mmoja vinatosha. A ni kidole gumba, na kila chenye kweli kinakunjwa.

Tatu, atafute aliye peke yake. Vema nne na kosa moja: jibu ni kile chenye kosa. Na angalia uzuri wake, mama. Kwenye swali la kawaida, lisilo na ukanushaji, yatatokea makosa manne na vema moja, na jibu bado ni lile lililo peke yake. Kwa hiyo hata kama mtoto alipitiwa kabisa, hakuiona "isipokuwa" wala hakuizungushia, anapojikuta na vema nne mbele yake lazima ashtuke. Haiwezekani swali moja likawa na majibu manne. Hesabu inamrudisha kwenye swali, na safari hii anarudi akijua anachotafuta. Ndiyo maana kumwambia tu asome mara mbili kulishindwa: alisoma mara ya pili akiwa hana sababu ya kujishuku, basi akaona kile kile alichokiona mwanzo.

Mwisho, kabla ya kusiliba, aliunganishe swali na jibu liwe sentensi moja na aisome kimoyomoyo: "Nchi isiyopakana na Tanzania ni Zimbabwe." Ikikaa sawa, asilibe.

Tujaribu swali gumu zaidi, lenye ukanushaji mara mbili, ambalo watoto huliogopa kama chatu. "Yafuatayo ni magonjwa yasiyoambukizwa isipokuwa: A kisukari, B pumu, C kifua kikuu, D selimundu, E shinikizo la damu." Anayejaribu kulibeba zima kichwani ataanza kuhesabu: yasiyo, halafu isipokuwa, kwa hiyo natafuta yasiyo yasiyo... Atapotea. Mfundishe aiache "isipokuwa" kwenye duara lake, na ahukumu sentensi iliyobaki tu. Kisukari ni ugonjwa usioambukizwa? Kweli, vema. Pumu? Vema. Kifua kikuu? Huambukizwa kwa hewa, kwa hiyo si kweli, kosa. Selimundu hurithiwa, haiambukizwi, vema. Shinikizo la damu, vema. Aliye peke yake ni C. Hakuna mahali popote alipolazimika kushika mikanusho miwili kwa wakati mmoja.

Utaniuliza kuhusu muda. Maswali 40 kwa dakika 90 ni dakika mbili na robo kila swali. Kuweka alama tano ni sekunde chache, na hahitaji kufanya hivyo kwenye swali la hesabu au la kusoma ramani, ambako anakokotoa jibu kwanza. Kinachokula muda kweli ni kusoma machaguo yote hata pale A inapoonekana kuwa jibu, na gharama hiyo nadhani inafaa kulipwa.

Njia hii ina mipaka yake. Pale machaguo mawili hayajui kabisa, hesabu haitakamilika, na vema tatu na alama mbili za kuuliza bado zinaacha shaka. Zinamsaidia kukisia vizuri zaidi, basi. Maswali yanayouliza "sababu kubwa zaidi" au "jibu bora" hayaingii humu kabisa, kwa sababu huko vema huwa zaidi ya moja kihalali, na anapaswa kuzishindanisha. Mwambie hivyo waziwazi, asije akadhani njia imeharibika.

Kwenye mazoezi, usimtafutie karatasi nzima ya maswali ya "isipokuwa". Nimeona wazazi wakifanya hivyo kwa nia njema. Baada ya siku tatu mtoto ameshazoea kwamba kila kitu ni kinyume, na kwenye mtihani anaanza kukosa maswali ya kawaida. Changanya: kati ya maswali 10, mawili au matatu yawe na ukanushaji, yamwagwe bila mpangilio. Wiki mbili za kwanza usimpimie muda. Umtazame mkono, si alama: amefunika machaguo? Ameweka alama zote tano, au alipofika kwenye ya kwanza yenye kweli akaacha? Tabia ikishakaa ndipo uanze saa. Ukianza na saa, atarudia njia ya zamani kwa sababu ndiyo ya haraka, na utakuwa unamfanyisha mazoezi ya kosa lenyewe. Nusu saa kwa siku, siku nne kwa wiki, inatosha. Baba yake naye aombwe apumzishe neno "mzembe" kwa muda huo, maana mtoto anayesoma huku anajitetea ndiye yule mwenye nafasi ndogo kichwani niliyekueleza.

Jambo la mwisho ni kipimo cha dakika tano, na ningependa ukifanye wiki hii. Mpe maswali 10 mchanganyiko, amsomee mtu mzima kwa sauti pamoja na kujibu. Wewe fuata kwenye karatasi yako. Akisoma "isiyopakana" sawasawa kisha akachagua Kenya, hilo ni tatizo la kubeba, na njia niliyoeleza ndiyo dawa yake. Akisoma "inayopakana" pale palipoandikwa "isiyopakana" mara moja au mbili, ni haraka tu. Lakini akibadilisha maneno mara kwa mara, anaruka mistari, anakata miisho ya maneno, anasoma kwa kusuasua hata hadithi rahisi, basi usitegemee maelezo yangu ya maandishi. Muone mwalimu wa darasa, na muulize kuhusu afisa elimu maalumu wa halmashauri yenu, ili mtoto apimwe usomaji ana kwa ana. Akikunja uso kuangalia ubao, akilalamika kichwa kila anaposoma, au akinakili vibaya kutoka ubaoni, anza na kliniki ya macho, usisubiri Septemba. Na kama asubuhi za mitihani anatapika, halali usiku wake, au analia akiitwa kwenda kufanya jaribio, hilo ni la kuzungumza na daktari au mwalimu wa malezi wa shule, na mazoezi ya maswali yasimame kwanza.

Ukishamaliza kipimo hicho, niandikie alisoma nini na alichagua nini kwa kila swali, pamoja na zile herufi alizosiliba kwenye moko.